Gari la Mwenzangu kwenye Kila Poste

Mimi si mtu wa kuogopa mizimu. Nimekulia Goma, juu ya mawe yaliyowahi kuwa moto, chini ya mlima ambao jioni unageuza mawingu kuwa mekundu, na sijawahi kuombea maji ya chumvi yafukuze kitu chochote. Kwa hiyo wateja wangu walipoanza kusema kwamba katika cyber yetu kuna mtu anayeendesha gari huku hayupo, niliwaambia walipe muda wao, wacheze na wanyamaze. Walicheka. Lakini kila mmoja aliyecheza ule mchezo wa magari alimwona, na mimi pia nilimwona, na nilijua vizuri ni nani.

Cyber tulikuwa nayo wawili, mimi na mwenzangu. Mimi nilishughulika na wateja, kodi ya nyumba, kelele na groupe, ile jenereta yetu yenye kiburi ambayo huwaka inapotaka. Yeye alishughulika na mashine. Alikuwa mtoto wa mama mmoja kutoka Butembo, mwuza vitenge sokoni, na alirithi kwa mama huyo ubishi wa kutotaka kufanya kazi moja mara mbili. Tulipopata kompyuta zetu, za mkono wa pili lakini zote za aina moja, mimi nilidhani tutazikalia moja baada ya nyingine, tukiweka michezo, tukisubiri, tukilaani. Yeye alicheka akasema hiyo ni kazi ya wafungwa.

Alichukua kompyuta moja tu, akaiweka katika chumba cha nyuma, akaiita mashine mama. Hiyo aliipamba kama bibi harusi: mfumo, programu za skrini na sauti, michezo yote, kila kitu mahali pake, michezo ikiwa katika sehemu yake ya pekee ya diski. Mwishoni aliendesha mzunguko mmoja katika mchezo wa magari, maana, alisema, mpishi huonja mchuzi kabla ya kupakua. Mchezo ule una tabia yake. Ukikimbia peke yako dhidi ya saa, unahifadhi mwendo wako bora zaidi katika faili dogo, na anayekimbia baada yako analiona gari lako mbele yake, jeupe, la kupenya kama moshi, likirudia kila kona uliyoikata na kila kosa ulilolifanya. Halikugongi, nawe huligongi. Mwenzangu alikimbia vizuri sana, isipokuwa kwenye kona ya mwisho kando ya ziwa, ambapo mkia wa gari uligonga ukuta, ukayumba, akaurudisha. Nilimwambia afute kabla hatujaendelea.

“Acha, bwana,” aliniambia. “Wateja wapate mutu wa kushindana naye.”

Basi akaiondolea mashine ile utambulisho wake, ili kila nakala ipate jina lake yenyewe, akaizima, akaiwasha kwa ufunguo wa USB na kuipiga picha diski nzima kama ilivyo. Picha hiyo ya diski tuliiita image. Ilikaa katika diski ya nje, nzito kuliko inavyoonekana. Kisha aliwasha mashine zote za mbele kwa njia ya waya wa mtandao wa ndani, zikiwa tupu, na image ikatumwa mara moja tu huku zote zikiipokea kwa pamoja. Nakumbuka nilisimama mlangoni nikitazama mistari ile ikijaa kwenye skrini zote kwa mwendo mmoja. Hakuna iliyotangulia. Zilipowaka upya, zote zilikuwa na picha ileile ya ziwa kwenye skrini, alama zilezile, na ndani yake, bila mimi kufikiria, gari lilelile.

Lililobaki ni kuzifanya zibaki sawa. Michezo huomba masasisho kila mara, makubwa kama gunia la makaa, na intaneti ya Goma si ya kunywesha ng’ombe wote. Mwenzangu akaamua kwamba mashine mama peke yake ndiyo itakayopakua. Folda yake ya michezo ilifunguliwa kwa wengine kuisoma tu, bila kuiandika. Kila poste, yaani kila mashine ya mteja, ikiwaka, programu ndogo aliyoiandika inalinganisha folda yake na ile ya mama: kilichotofautiana kinachukuliwa kutoka kwa mama, hata kama cha poste ni kipya zaidi, na kisichokuwapo kwa mama kinafutwa. Ndiyo sababu ilikuwa sheria ya nyumba: mashine mama haiguswi na mteja. Ukiiharibu, asubuhi umeharibu zote.

Sheria hiyo ndiyo iliyomfanya mwenzangu asishindike. Mteja angetoka jasho poste ya tano, amshinde, apige meza, aite watu. Courant ikikatika, na Goma umeme ni mgeni, poste inawaka upya, inamwuliza mama, inarudishiwa faili lilelile. Gari jeupe liko mstarini tena, halijui kwamba limewahi kushindwa.

Kisha akaenda Bunagana kuchukua skrini nyingine zilizokuwa zimefika kutoka Uganda. Barabara ya Rutshuru wakati ule ilikuwa inafunguka na kufungwa kwa sababu ya vita. Aliniandikia kwamba amefika Kibumba, mvua inanyesha, wanasubiri ruhusa ya kupita. Baada ya hapo simu yake haikuita. Skrini hazikuja. Dereva hakuja, gari halikuonekana, na watu walioshuka kutoka upande ule hadi kwenye kambi za Kanyaruchinya, niliowauliza mmoja mmoja, kila mmoja alikuwa na wake wa kuulizia.

Nilimlilia peke yangu, kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, barabara na skrini. Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Wangekuja kukaa katika cyber yangu. Kila asubuhi nilibonyeza vitufe, zile feni zikaanza kuvuma, postes zikamwuliza mama, na mwenzangu akasambaa nyumba nzima.

Wamotari ndio waliompa jina la Muzimu. Mvua ikinyesha waliegesha pikipiki na kuingia kucheza, na mmoja wao, mwenye koti la plastiki ambalo halikukauka kamwe, alikuwa akimsalimu kabla ya kuondoka mstarini. “Muzee, tuko pamoja,” alimwambia. Ni huyo huyo aliyekutana na mama wa mwenzangu sokoni na kumwambia bila haya, “Mama, mutoto yako angali anaendesha. Eko kwa cyber, kila siku.”

Ningempiga. Lakini mama alikuwa ameshafika, na kitenge chake kizuri, mkoba mkononi, amesimama kati ya vijana wenye vichwa vya sauti wanaotukanana kwa Kifaransa. Je, ningemkalisha hapo mama aliyenilisha ugali na sombe miaka yote? Haiwezekani. Mama wa mtu hakalishwi kwenye benchi la wacheza mpira wa kompyuta. Nilimpeleka chumba cha nyuma, kwenye kiti chenye mto, kiti cha mwanawe, mbele ya mashine pekee iliyokuwa na heshima. Sikuwaza sheria. Niliwaza adabu.

Nilimwashia mchezo. Taa nyekundu, kisha kijani, na lile gari jeupe likaondoka. Mama akaruka kidogo kitini.

“Ni yeye?”

“Ni yeye alivyoendesha siku ile, mama. Ni kama picha.”

“Anaenda wapi?”

Gari lilikuwa limekata kona ya kwanza na kutoweka. La kwake, la mama, lilikuwa bado mstarini, likinguruma tu. Hapo ndipo ugumu ulipo: mchezo hauonyeshi barabara yote. Unaonyesha barabara iliyo mbele ya gari lako. Usipokwenda, unamwona mtu akiondoka, basi.

Mama alitazama barabara tupu kwa muda. Kisha akauliza, “Ya kwenda ni gani?”

Nikamwonyesha mishale ya kibodi.

Alianza kuja baada ya soko. Mwanzoni alipanda nyasi, akageuka nyuma, akagonga vibao, akamwomba msamaha mwanawe kwa Kinande. Kila mara alimpoteza kwenye kona ya kwanza, baadaye kwenye daraja, baadaye kwenye mti mkubwa. Wajomba na baba wadogo walikuwa wanampigia simu kutoka Butembo wakimwomba akubali matanga yafanyike na misa isomwe, hata bila mwili, ili familia ipumzike. Yeye aliwajibu jambo moja: “Mutu anaendesha kila siku, nitamusomeshea misa ya wafu namna gani?” Walinipigia mimi wanilaumu. Nilitaka kuuzima ule mchezo, kuufuta kwenye mashine mama ili asubuhi ufutike kote. Kidole kilifika kwenye kitufe. Sikuweza, na sikuwa nikimfikiria mama peke yake.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilimwacha. Nilizoea kumsikia nyuma ya mlango, mishale ikibonyezwa, pumzi ikishikwa kwenye kona ya ziwa.

Sasa nije kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, vumbi jeusi limelala kwa unyevu. Niliwasha mashine zote, zikajilinganisha, wateja wakaingia. Yule motari wa koti la plastiki akakaa poste yake, akamsalimu Muzimu wake, akaanza. Nilikuwa nahesabu vocha za intaneti niliposikia amenyamaza. Motari yule hanyamazi.

“Chef,” akasema. “Njo uone.”

Nilikwenda nikiwa na jibu kali mdomoni. Akaanza upya. Gari jeupe liliondoka kama kawaida, kona ya kwanza, daraja, mti. Likafika kona ya ziwa. Halikugonga ukuta. Lilipunguza mwendo mapema, kwa uangalifu, likapita katikati ya barabara, likaenda zake.

Nikamwambia amelishinda yeye mwenyewe, ni mwendo wake huo. Akaniapia kwamba ndiyo kwanza amekaa. Nikaenda poste ya pili. Halikugonga. Ya tatu, halikugonga. Mteja mmoja alikuwa katikati ya barua yake, nikamnyang’anya kipanya bila kuomba radhi. Kote, gari lilelile, chini ya jina lilelile la kuchezea la mwenzangu, lilikuwa limejifunza kitu.

“Amerudia,” motari akasema taratibu. “Amerudia na amekosoa kosa yake.”

Wateja walivua vichwa vya sauti. Mimi si mtu wa mizimu. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikafungua folda, nikatafuta faili lile dogo. Miaka yote tarehe yake ilikuwa ile ya siku ya kuonja mchuzi. Sasa lilikuwa la jana, alasiri. Lililoandikwa kwenye mashine mama haliwezi kuandikwa kutoka mbele. Postes zinasoma tu. Mtu aliketi hapa. Mtu anayeijua barabara ile kona kwa kona, kama aliyeiendesha yeye mwenyewe. Ufunguo wa mlango wa nyuma tulikuwa nao wawili.

Nisiwadanganye: nilimwona. Nilimwona akishuka kutoka lori, amekonda, akipita kwa mlango wa nyuma kwa sababu anazojua mwenyewe, akikaa, akiendesha mara moja, akiondoka kabla sijarudi kutoka kununua mafuta ya groupe. Furaha iliyonipata ilikuwa ya kutisha. Sikufunga hata droo ya pesa. Nilipanda pikipiki ya yule motari, tukaenda sokoni.

Mama alikuwa anakunja kitenge. Nilimweleza nikihema, na motari akidakia: gari limebadilika, kwa mashine zote, faili ni la jana, mtu amekuja, mama, mtu amekuja. Nilitarajia apige vigelegele. Akaendelea kukunja, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya vingine.

“Munipeleke,” akasema.

Aliketi kwenye kiti chenye mto. Nilianzisha mchezo, na safari hii, taa ikiwa bado nyekundu, hakugusa chochote hadi nikamwomba. Akafuata. Nilisimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nikauona mwendo wake: hakuwa tena yule mama wa nyasi na vibao. Alikuwa nyuma ya gari jeupe kama ndama nyuma ya ng’ombe, na magari mawili yalikata kila kona kwa pamoja. Kona ya ziwa, lile jeupe likapunguza mapema. Lake likapunguza mapema. Akaondoa mikono kwenye kibodi.

“Huyu haiko yeye,” akasema. “Ni miye.”

Sikuelewa. Au sikutaka.

“Pale kwa ukuta yeye anagongaka. Miye niko napunguza, juu niko naogopa nisimugonge. Kila siku niko napunguza. Jana alipogonga, nikajikuta niko pembeni yake.” Alinyoosha kidole kwenye skrini. “Nikaangalia mu dirisha, mutoto yangu. Hamukuwa mutu.”

“Mama, gari ile haionyeshi dereva. Imetengenezwa vile.”

“Ninajua. Lakini niliangalia.”

Nje, wateja walikuwa wamejazana mlangoni.

“Nikapita,” akasema. “Nikafika mbele, pa mwisho. Nikamungoja. Hakufika.”

Nilijua kilichotokea, ningeweza kukieleza kwa vidole. Alivuka mstari akiwa na mwendo bora, mchezo ukahifadhi wake na kufuta wa mwanawe, juu ya mashine ile ile ambayo haikupaswa kuguswa. Asubuhi niliwasha postes kwa mkono wangu, na kila moja ikaiuliza mashine mama, ikapewa kilichokuwapo. Mwenzangu alitoweka nyumba nzima kwa dakika zilezile nilizokuwa natengeneza chai. Sikumwambia hayo. Nilikaa chini sakafuni karibu na miguu yake, nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, na yeye akaniwekea mkono kichwani akisema, “Pole, papa, pole,” kana kwamba aliyefiwa ni mimi.

Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni. “Uwaite baba zake wadogo,” akaniambia. “Wakuje. Tufanye matanga.”

Matanga yalifanyika kwake, na misa ikasomwa parokiani. Wamotari walikuja wengi, pikipiki zimepangwa nje kama za harusi. Waombolezaji walipoimba kwa Kinande, mama aliimba pamoja nao. Mimi nilikuwa natazama picha ya mwenzangu iliyowekwa mezani badala ya jeneza, nikimfikiria jinsi alivyokataa kufanya kazi moja mara mbili.

Ile diski ya nje ilikuwa katika sanduku la chuma, imefungwa katika kitambaa. Kurudisha image nzima ilikuwa wazimu: ilikuwa ya zamani, ingerudisha na michezo ya zamani, na masasisho ya miaka yote yangehitaji kupakuliwa tena kwa intaneti hii yetu. Lakini programu iliyoitengeneza iliruhusu kuifungua kama folda na kutoa kitu kimoja. Ndani yake kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha. Nilihisi nimefungua chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi. Nilitoa faili lile dogo. Sikujua kama mchezo wa leo utalikubali, kwa sababu umesasishwa mara nyingi tangu hapo. Nililiweka kwenye mashine mama, nikaanza mbio, nikasubiri kona ya ziwa. Mkia ukagonga ukuta, ukayumba, akaurudisha. Nikaziwasha postes zote upya.

Sikumtumia mama habari. Nilidhani hatakuja tena, tumemzika, amepumzika. Alikuja Jumamosi baada ya soko, akaweka mkoba wake mahali pake, akakaa. Nilimwambia kwa aibu kwamba nimemrudisha. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa chai iko tayari.

Nilibaki mlangoni. Aliondoka nyuma yake, kona ya kwanza, daraja, mti. Kando ya ziwa mwanawe akagonga ukuta kama siku zote, mama akampita bila kugeuza uso dirishani, akawa peke yake kwenye barabara iliyonyooka, mstari wa mwisho mbele yake.

Kabla ya kuufikia, akafunga breki. Gari lake likasimama katikati ya barabara, likinguruma. Nikasikia saa ya mchezo ikihesabu. Gari jeupe likatokea nyuma, likalipenya lake kutoka bampa hadi bampa, likavuka mstari likiwa la kwanza.

Ndipo mama akabonyeza mshale, polepole, akamfuata.